Kubeba Kosa la Chumba cha Pili

Mteja anayepiga simu huku sauti inamtetemeka kwa hasira, mara nyingi hiyo si simu yake ya kwanza. Amekwisha kumweleza fundi, akamweleza mlinzi wa getini, akamweleza na mhudumu mwingine aliyemjibu kwamba jambo hilo liko kwa watu wa idara fulani. Anapokufikia wewe anakuja na makosa mawili. Lipo lile lililotendeka, na lipo la kwamba kila aliyemsikiliza alimsukuma mbele. Hili la pili ndilo linalopandisha sauti, na ndilo pekee ambalo mtu aliyeshika simu anaweza kulitengeneza papo hapo.

Kwa miaka kadhaa nilikuwa msimamizi wa zamu katika kituo cha simu cha kampuni ya umeme, na sehemu ya kazi yangu ilikuwa kusikiliza simu zilizorekodiwa. Nilisikiliza wahudumu wengi wema na wengi hodari. Lakini yupo dada mmoja, wenzake walimwita Dada tu, ambaye simu zake nilizisikiliza hata pale ambapo kazi haikunidai. Nilitaka kujua anafanya nini. Hakuwa na sauti tamu ya redioni. Alikuwa na sauti nzito kidogo, ya mtu aliyeamka mapema. Hakusema sana. Wala hakuwa na maneno ya kubembeleza ambayo wengine hawakuwa nayo. Nitaeleza simu yake moja, kwa sababu ndani yake mna karibu kila kitu nilichojifunza kwake, na kwa sababu kosa lenyewe lilikuwa la kitengo cha mita, ambacho yeye hakuwa na mamlaka nacho hata kidogo.

Kwanza mita yenyewe, maana bila kuielewa hutaona ugumu wa simu ile. Ukinunua umeme wa tokeni unapewa tarakimu 20. Tarakimu hizo si namba ya risiti. Ni ujumbe uliofungwa kwa ufunguo wa mita moja tu, na ufunguo huo unatokana, pamoja na mambo mengine, na namba ya mita yako. Mita ya jirani haiwezi kuufungua. Ukiingiza tokeni ya mita nyingine, kioo kitakuonyesha alama ya kukataa, na mita nyingi huandika "Reject". Tokeni iliyokwisha kutumika hujibiwa kwa namna nyingine, aghalabu "Used". Tofauti ya maneno hayo mawili, kwa mhudumu anayejua kazi yake, ni nusu ya uchunguzi.

Sasa tuseme mita yako imeharibika, mafundi wanakuja wanaing'oa na kufunga mpya. Mpya ina namba yake. Mpaka mtu wa kitengo cha mita aingize namba hiyo kwenye mfumo na kuiunganisha na akaunti yako, mfumo wa mauzo bado unakujua kwa mita ya zamani. Utanunua, hela itakatwa, tokeni itakuja, na itakuwa tokeni halali kabisa ya mita iliyolala stoo. Mbele yako, kwenye ukuta wako, mita mpya itaikataa kila utakapoiingiza.

Hilo ndilo lililompata mama mmoja anayeuza samaki wa kugandisha nyumbani kwake. Mafundi walikuja Alhamisi. Kioo cha mita yake kilikuwa kimekufa, wakambadilishia, wakamwachia yuniti chache za kuanzia zilizokuwamo kwenye mita, wakamwambia aendelee kununua kama kawaida. Fomu ya kubadilisha mita waliijaza vizuri, wakaiweka juu ya meza ya mtu aliyekwisha kuondoka, nayo ikabaki pale. Jumamosi jioni yuniti zilikwisha. Mama akanunua umeme wa shilingi 20,000 kwa simu, akaingiza, ikakataa. Akaingiza tena, ikakataa. Akapiga kwetu. Mhudumu wa kwanza akamwambia, kwa adabu zote, kwamba tatizo lake ni la kitengo cha mita na kwamba kitengo hicho hufungua Jumatatu asubuhi. Kila neno lilikuwa kweli, na mama akaachwa gizani na friza lake.

Alipopiga mara ya pili simu ilimwangukia Dada. Kituo kilikuwa na maneno ya kufungulia simu: salamu, jina la kampuni, jina lako, nikusaidie nini. Dada alikuwa amefika kwenye jina la kampuni pale mama alipomkatiza. "Msinipige chenga tena! Mmenifungia mita mbovu, hela yangu mmekula, samaki wangu wanaoza, na mwenzako ananiambia Jumatatu. Jumatatu nitauza nini mimi?"

Hapo wahudumu wengi hujikwaa. Wengine humalizia salamu zao, maana wanajua msimamizi anasikiliza na maneno ya kufungulia yana alama. Kwetu mtu asiyekusalimu amekwisha kukuambia hali yake, na kumlazimisha salamu ni kumwambia hukusikia. Wengine husema "tulia mama", na sijawahi kusikia simu hata moja ambayo neno hilo lilimtuliza mtu. Dada aliziacha salamu zake pale zilipokatika. Akasema "naam, mama", akanyamaza.

Kunyamaza kwake kulikuwa na kazi ndani yake. Ukimya mtupu kwenye simu humfanya mtu aulize "halo? upo?", na hasira inaanza upya toka mwanzo. Kwa hiyo kila mama alipovuta pumzi Dada alitia neno fupi: "naam", "ndiyo", "elfu ishirini", "Alhamisi". Maneno mawili ya mwisho ndiyo ninayoyapenda. Alikuwa anarudisha kitu kimoja kutoka katika kila sentensi, siku au kiasi, na kwa njia hiyo mama akajua kwamba upande wa pili kuna mtu anayeandika. Ukisikiliza rekodi unasikia vibonye vya kompyuta vikigonga kwa mbali. Dada hakuzima kipaza sauti chake aandike kimya kimya. Aliniambia baadaye kwamba anaacha visikike makusudi.

Mama alisema kwa muda usiozidi dakika mbili. Kwenye simu dakika mbili ni ndefu sana, na msimamizi aliyeshika saa ataona mhudumu amelemewa. Lakini hasira isiyokatizwa haina mafuta mengi. Inayodumu nusu saa ni ile inayokatizwa kila mara kwa maelezo.

Kisha akasema hivi, nami nanukuu kadiri ninavyokumbuka: "Mama, naomba nirudie nilivyosikia, nikikosea unisahihishe. Alhamisi mafundi wetu walitoa mita ya zamani wakafunga mpya. Wakakuambia ununue kama kawaida. Leo yuniti zimekwisha, umenunua elfu ishirini, mita imekataa. Una friza la samaki wa biashara. Umepiga hapa, ukaambiwa ungoje Jumatatu. Ndivyo?"

"Ndivyo," akasema mama. Halafu akaongeza, "Na mtoto wangu ana mtihani, anasoma na mshumaa."

"Na mtoto anasoma na mshumaa. Nimeandika. Mama, mita tumebadilisha sisi, na kuna jambo hatukulimaliza baada ya kubadilisha. Kosa ni letu. Hela yako haijapotea, naiona hapa kwenye mfumo. Sasa nataka nijue hasa tumekosea wapi, na wewe ndiye mwenye mita mbele yako."

Ningeweza kuandika kurasa juu ya sentensi hizo chache. "Mafundi wetu." "Tumebadilisha sisi." Wakati ule Dada alikwisha kuona kwenye kompyuta yake namba ya mita ya zamani bado iko pale, na alijua, kama ninavyojua mimi, ni meza gani ile fomu imelala. Angeweza kusema kitengo cha mita hawajaingiza taarifa. Ingekuwa kweli, na kwa sekunde moja ingempa nafuu, maana hasira ingeelekea kwingine. Lakini mteja hakununua umeme kwa kitengo cha mita. Yeye anaijua kampuni moja, na anayeinyoshea kidole sehemu ya kampuni yake mwenyewe anamthibitishia kwamba ndani hakuna anayeshika jambo. Zaidi ya hayo, baada ya kumtupia mwenzako lawama huwezi tena kumwambia mteja "ngoja nimpigie", kwa sababu umekwisha kumfundisha asimwamini.

Lakini Dada hakusema pia "samahani kwa usumbufu" ile ya jumla. Alilitaja kosa kwa jina: kuna jambo hatukulimaliza. Radhi inayotaja kitu inabeba uzito. Radhi isiyotaja kitu, ikirudiwa mara tano, mteja anaihesabu kama mara tano za kukwepa.

Tena aliweka mapema lile la hela. Wahudumu wengi huacha habari njema mwisho, wakidhani wataizawadia subira. Mtu aliyelipa na hajapata kitu hasikii maelezo yoyote mpaka ajue hela yake iko wapi. Akishajua ipo, sikio linafunguka.

Hapo ndipo uchunguzi ukaanza, na ulikuwa mfupi. Alimwomba mama asimame mbele ya mita asome namba iliyopigwa kwenye mwili wake, si ile iliyoandikwa kwenye ujumbe wa simu. Mama akasoma tarakimu 11. Dada akazirudia kwa mafungu. Kisha akamwomba asome namba ya mita iliyomo kwenye ujumbe wa manunuzi. Mama akaanza kusoma, akasita katikati. "Hii si hiyo," akasema. Akanyamaza kidogo. "Kumbe mmeniuzia umeme wa mita ile ya zamani."

Dada alilijua hilo tangu dakika ya kwanza. Angeweza kulisema. Alimwacha mama alione mwenyewe, na tangu pale mama hakuwa tena mtu wa kulalamika tu. Akawa mwenzake katika kazi ile. Sauti yake ilishuka. Sentensi yake iliyofuata ndiyo alama ninayoitafuta katika kila simu ya namna hii: "Sasa itakuwaje?" Mteja mwenye hasira husimulia yaliyopita: mlinifanyia, mliniambia, mlinikatia. Siku anapouliza juu ya yanayokuja, amevuka. Hajafurahi, asidhani mtu hivyo. Lakini ameacha kushtaki, ameanza kungoja, na kuanzia hapo kila dakika inayopita inahesabiwa juu yako.

Mhudumu asiyejua atadhani kazi imekwisha. Hapo ndipo hutoa ahadi. "Ndani ya saa moja litakuwa sawa, mama." Nimesikia ahadi hiyo mara nyingi mno, ikitolewa na mtu asiyekuwa na ufunguo wa chumba kinachohusika, kwa sababu tu mteja ametulia naye anataka abaki ametulia. Saa moja ikipita, mteja huyo atarudi, na aliyepokea simu ya tatu hatakuwa na neno lolote la kusema ambalo litaaminika.

Dada alimwambia mambo matatu, na aliyatenga wazi. Analolijua: tokeni ile haitafanya kazi kwenye mita mpya hata akiiingiza mara mia, na aache kuiingiza kwa sababu mita nyingi zikikosewa mara kwa mara hujifunga kwa muda. Anachoweza yeye: kumpigia afisa wa zamu wa kitengo cha mita, ambaye huwapo hadi saa nne usiku kwa ajili ya dharura. Asilolijua: kama afisa huyo ataweza kuunganisha namba usiku huu. "Nitakupigia mimi. Usipige wewe, maana utaangukia kwa mtu mwingine na utaanza kusimulia upya. Nitakupigia kabla ya saa mbili, hata kama sina jibu. Na mama, hilo friza usilifungue kabisa. Limejaa?"

"Limejaa."

"Vizuri. Likijaa na likifungwa linashika baridi hata siku nzima. Usilifungue hata kuangalia."

Hilo la friza si la kampuni ya umeme. Hakuna mwongozo wowote kituoni uliosema lolote juu ya samaki. Lakini hofu ya mama ilikuwa samaki, na ukimwondolea mtu hofu yenyewe, hata kwa nusu, saa ya kungoja inakuwa saa ya kawaida.

Simu ya pili ya usiku ule, ya Dada na afisa wa mita, mteja hakuisikia, na kwangu ndiyo iliyo bora zaidi. Watu hudhani ufundi wa kutuliza mteja huishia kwa mteja. Nusu yake iko ndani ya nyumba. Afisa yule naye alikuwa na zamu ndefu, na alizoea kupigiwa na wahudumu wanaomwaga kwake hasira waliyomwagiwa. Mtu akipigiwa hivyo hujitetea, na anayejitetea huuliza fomu iko wapi, nani alisaini, kwa nini mteja hakuripoti mapema. Dada alimsalimia, akamuuliza habari za zamu, akampa kila kitu kwa mkupuo mmoja: namba ya akaunti, namba ya mita ya zamani, namba ya mita mpya aliyosoma mteja mwenyewe, tarehe ya kubadilishwa, alama ya "Reject". Kisha akasema anachotaka kwa sentensi moja: namba mpya iunganishwe na akaunti usiku huu, fomu ifuatiliwe baadaye. Hakusema "mteja anapiga kelele". Alisema, "Ni mama mwenye friza la biashara, na mtoto ana mtihani." Alizipeleka sababu za mama ndani ya nyumba bila makelele yake, kama shahidi anayesema alichoona. Afisa hakupata mtu wa kubishana naye. Akauliza swali moja tu, kama namba mpya imehakikishwa, akaambiwa imerudiwa kwa mafungu. Akasema atafungua mfumo.

Kuunganisha namba kuliwezekana. Lakini kurudisha ile 20,000 hakukuwezekana. Tokeni iliyokwisha kutolewa kwa mita ya zamani hufutwa na watu wa fedha baada ya kuhakikisha haijatumika, kisha ndipo hutolewa nyingine ya kiasi kile kile kwa mita mpya. Watu wa fedha kweli walikuwa wa Jumatatu. Yaani Dada alipaswa kumpigia mama aliyelipa elfu ishirini bila kupata hata yuniti moja, amwambie kwamba akitaka umeme usiku ule anunue tena.

Alipiga saa mbili kasoro dakika chache. Nimesikiliza rekodi hiyo kuliko nyingine yoyote. "Mama, nina habari mbili, moja nzuri na moja haitakupendeza. Nzuri: mita yako mpya sasa inajulikana kwenye mfumo. Ukinunua kwa namba mpya, itaingia. Isiyopendeza: ile elfu ishirini siwezi kukurudishia usiku huu. Siwezi, na hapa hakuna anayeweza hadi Jumatatu. Itarudi yote kama tokeni. Unaweza kungoja, friza likiwa limefungwa. Au unaweza kununua kidogo sasa, hata cha elfu mbili, uvuke hadi Jumatatu. Uamuzi ni wako, na sitakulaumu kwa wowote."

Mama alipandisha sauti tena, na ilikuwa haki yake. Dada hakumkatiza, hakueleza utaratibu wa watu wa fedha, hakusema kwamba na yeye angetamani ingekuwa vinginevyo. Alisema "ni kweli, mama" mara mbili, kwa sababu yaliyosemwa yalikuwa kweli. Baada ya hapo mama akauliza kama akinunua cha elfu mbili kitakataa tena. Dada akamjibu kwamba hadhani, lakini yuko kwenye laini, anunue sasa hivi, waingize pamoja. Mama akanunua. Akasoma tarakimu nne nne, mafungu matano, huku anabonyeza. Kwenye rekodi unasikia mlio wa mita, kisha mlio wa friza kuanza kuunguruma, kisha mtoto akipiga kelele za furaha.

Inafaa kusema kitu juu ya gharama. Arlie Hochschild, mwanasosholojia wa Marekani, aliandika mwaka 1983 juu ya kazi ambazo ndani yake hisia za mfanyakazi zinakuwa sehemu ya bidhaa. Aliwachunguza wahudumu wa ndege na wadai madeni. Wale wanatakiwa watabasamu wasipotaka, hawa wanatakiwa wakaze sura wasipotaka. Wahudumu wa simu wako hapo hapo kati. Nimewaona vijana wakichoka ndani ya miezi michache kwa kuigiza huruma simu baada ya simu, na uchovu huo ni wa kweli. Dada alidumu, na sidhani ni kwa sababu alikuwa na moyo mgumu zaidi. Aliigiza kidogo sana. Huruma yake aliigeuza kazi: siku aliyoiandika, namba aliyoirudia, saa aliyopiga. Mteja alipotukana, alisema mara moja, bila kupandisha sauti, "Mama, nitakusaidia, ila usinitukane," na akaendelea palepale alipoachia. Aliyetukana tena, alimwambia atapiga baada ya dakika kumi, akakata, na alipiga kweli baada ya dakika kumi.

Kipimo chetu kikubwa kituoni kilikuwa wastani wa muda wa simu, na kwa kipimo hicho Dada alikuwa wa chini kila mwezi. Nililalamika juu ya hilo kwa walio juu yangu, na ninalalamika hadi leo. Mhudumu wa kwanza alimaliza na mama wa samaki haraka sana na akahesabiwa hodari. Simu yake ilizaa ya pili, na kama ya pili ingejibiwa vile vile ingezaa ya tatu na safari ya bure ofisini Jumatatu. Kipimo kinachohesabu simu moja moja hakiwezi kumwona mtu anayezuia simu zisizaliwe.

Tena zipo hasira ambazo hata Dada hakuweza kuzipunguza sana, na ni vizuri kuzitaja. Mwaka 2024 mita za tokeni duniani kote zilikuwa zinakaribia tarehe 24 Novemba, siku ambayo hesabu ya dakika iliyoanza mwaka 1993 ingejaa nafasi yake ndani ya tokeni. Wateja wa Tanzania, Kenya na kwingineko walipewa mafungu mawili ya ziada ya tarakimu 20 ya kubadilisha ufunguo wa mita, waliyopaswa kuyaingiza kwanza, kabla ya tokeni yenyewe ya umeme. Aliyeanza na fungu la tatu alikataliwa. Aliyekuwa na tokeni ya zamani aliyoihifadhi kwa siku ya dhiki, akibadilisha ufunguo kabla ya kuiingiza, ilikuwa imekufa. Kosa halikuwa la idara yoyote jengoni. Lilianzia kwenye uamuzi wa wahandisi wa miongo mitatu nyuma. Hapo hakuna wa kumpigia, hakuna namba ya kuunganisha. Dada alieleza mpangilio wa mafungu, akasimama na mteja wakati anaingiza, na wenye tokeni zilizokufa aliwaandikia madai ya kubadilishiwa. Simu zake wakati huo zilikuwa nzuri, lakini hazikuwa na ule mgeuko wa "sasa itakuwaje". Watu walimaliza wakiwa na umeme na bado wamekasirika. Aliwaacha wabaki na hasira yao.

Turudi kwenye Jumamosi ile, maana kuna kitu alifanya baada ya mita kulia. Kabla hajafunga taarifa ya mama alimpigia tena afisa wa mita. Alimshukuru, akamwambia imeingia. Kisha akamuuliza kama mafundi wale wa Alhamisi walibadilisha mita nyingine siku ile, na kama fomu zao ziko pamoja na hii. Afisa akaenda kuangalia. Zilikuwa pamoja, zimebanwa kwa pini moja, za nyumba nne nyingine za mtaa ule ule. Nyumba mbili hazikuwa zimenunua umeme tangu Alhamisi. Afisa akaziunganisha zote nne kabla ya kuondoka zamu.

Jumapili asubuhi Dada aliwapigia wanne hao. Wawili walikuwa wamekwisha kununua na kukataliwa, mmoja wao alikuwa anatafuta viatu vyake aje ofisini. Kwa wale wawili wengine alieleza kwamba Alhamisi tuliwafungia mita mpya, kwamba tulichelewa kuiandikisha, na kwamba wanapotaka kununua watumie namba iliyo kwenye mita, si ile ya zamani. Mmoja wao, mzee mwenye sauti ya taratibu, alimuuliza kwa mshangao ni tatizo gani hasa analopigiwa, mbona yeye taa zinawaka. Dada akampa shikamoo, ambayo kwa haraka ya maelezo alikuwa ameisahau, akaanza kumsomea namba, kwa mafungu.